Skripti ya Baruapepe Isipewe Nenosiri la Mwenye Nyumba

Nyumba nyingi za wageni hapa Unguja, kuanzia Shangani hadi Jambiani, zinaendeshwa kwa anwani moja tu ya Gmail. Anwani hiyo ndiyo inayopokea maombi ya vyumba. Ndiyo iliyotumika kufungulia kurasa za matangazo, ndiyo yenye picha za harusi ya mtoto wa mwenye nyumba, na ndiyo inayoletewa kiungo kila mtu anapobonyeza kwamba amesahau nenosiri la huduma nyingine. Ukiishika anwani hiyo umeishika biashara na nusu ya maisha ya mtu.

Halafu anakuja kijana anayejua Python, anaombwa aandike skripti ya kusoma maombi na kutoa orodha ya wageni wa kesho. Skripti yenyewe si kazi ngumu. Linalonitia wasiwasi ni mstari mmoja wa juu, pale inapoandikwa anwani, na chini yake nenosiri lile lile ambalo mwenye nyumba anafungulia simu yake. Nimeshaukuta mstari huo kwenye mashine nyingi, hata zile za Gmail ambako haufanyi kazi tena. Google ilifunga njia ya kuingia kwa anwani na nenosiri kuu pekee kwa akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Kijana anajaribu, anakataliwa, anatafuta njia nyingine, lakini ule mstari wa kwanza anauacha ndani ya faili, umewekewa alama ya `#` mbele. Skripti hauhitaji, ila mwizi wa kompyuta atauhitaji.

Ninapoanza kazi ya namna hii najiuliza swali moja kabla ya kuandika chochote: mashine hii ikiibiwa leo usiku, kesho asubuhi nitabatilisha kitu gani, na nani atasumbuka? Jibu likiwa ni nenosiri kuu la mwenye nyumba, basi mpango ni mbovu hata ukifichwa kwa ustadi gani. Atabadilisha nenosiri, simu zake zote zitadai aingie upya, na muda wote huo hajui mwizi amesoma nini. Jibu likiwa ni kitu kidogo kinachofutwa kwa kubonyeza mara moja, na hakuna anayesumbuka isipokuwa skripti, mpango umekaa vizuri. Mengine yote ninayoeleza hapa yanatoka kwenye swali hilo.

Nieleze kazi moja kwa ukamilifu. Nyumba ni ya vyumba tisa, Mji Mkongwe, na mwenyewe ni mama mtu mzima aliyeurithi mjengo kwa wazee wake. Kila jioni mtu wa mapokezi alikuwa akifungua barua moja moja, anaandika kwenye daftari nani anafika kesho, kwa ndege ipi au kwa boti ya saa ngapi, kisha anampigia dereva. Msimu wa kusi, wageni wanapojaa, mmoja wawili walikuwa wanasahaulika uwanja wa ndege. Skripti ilitakiwa isome barua za maombi kila baada ya dakika kumi na iandike orodha hiyo ya dereva. Kompyuta ni ndogo, iko chini ya meza ya mapokezi, inatumia Debian 12. Umeme ukikatika inazimika, ukirudi inajiwasha yenyewe, na hilo la mwisho ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: mpango wowote wa siri unaotaka mtu aje achape neno kila mashine inapowaka hautaishi wiki hapa kwetu.

Nilipomweleza kwamba Google itatupa nenosiri la pembeni kwa ajili ya skripti tu, mama aliuliza swali ambalo mafundi wengi hawalifikirii.

"Sasa mwanangu, hilo la pembeni, na barua zangu nyengine litaziona?"

"Litaziona, mama. Kisanduku chote."

"Na kufuta?"

"Na kufuta."

"Basi usilifungulie kwenye anwani yangu hii."

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo watu wanapopotea. Nenosiri la programu, lile ambalo Google wanaliita `App passwords`, ni bora kuliko nenosiri kuu kwa sababu mbili za kweli. Linafutwa peke yake bila kugusa kingine chochote, na halikubaliwi kwenye ukurasa wa kuingilia kwa kivinjari, kwa hiyo aliyeliiba hawezi kulitumia kwenda kubadilisha nenosiri kuu na kumfungia nje mwenye akaunti. Lakini halina mipaka ndani ya kisanduku. Anayelishika anaingia kwa IMAP, njia ambayo programu husomea kisanduku, na kusoma barua zote za miaka yote, anafuta, na kwa njia ya SMTP anatuma barua kwa jina la mwenyewe. Huwezi kuliambia lisome tu, wala liishie kwenye folda moja. Ni sawa na kumkabidhi mfanya usafi ufunguo wa mlango mkuu badala ya shada zima la funguo: ni nafuu, ila ukishaingia mlango mkuu vyumba vyote viko wazi.

Kwa hiyo tulichofanya kwanza ni kufungua kisanduku kipya kwa ajili ya maombi tu, akaunti nyingine kabisa ya Gmail. Kwenye anwani ya zamani ya mama tuliingia mipangilio, sehemu ya kupeleka barua mbele, tukaiandika anwani mpya. Google inatuma namba ya uthibitisho kwenye anwani mpya; bila kuiingiza hakuna kinachopelekwa. Kisha tukatengeneza kichujio: barua zinazotoka kwa tovuti tatu za kukodi vyumba anazotumia, na zinazopitia fomu ya tovuti yake, nakala iende kisanduku kipya. Barua za daktari wake, za watoto na za benki hazipiti huko kamwe.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye kichujio. Kinashika barua mpya tu, kwa hiyo maombi ya wageni walioandika mwezi uliopita na watakaofika wiki ijayo lazima uyapeleke kwa mkono, la sivyo orodha ya siku za mwanzo itakuwa na mapengo na lawama zitaangukia skripti. La pili, barua ikitupwa kwenye taka haipelekwi mbele. Ndani ya kichujio hicho hicho kuna kisanduku cha kuweka tiki, `Never send it to Spam`, kiweke. Mtumaji wa asili anabaki vile vile kwenye barua iliyopelekwa, kwa hiyo skripti inaweza kuitambua kwa mtumaji kama vile ingeisoma kwenye anwani ya kwanza.

Akaunti mpya inataka namba ya simu. Naomba sana, fundi usiweke yako. Visiwani hapa kuna akaunti nyingi za biashara zilizofungwa kwa namba ya kijana aliyekwishahamia Dar au aliyebadilisha laini, na mwenye biashara hana njia ya kuingia. Iwe namba ya mwenye nyumba. Ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao ni sharti la kupata nenosiri la programu, Google itakupa pia namba kumi za akiba zenye tarakimu nane kila moja. Tulizichapa, mama akazitia kwenye bahasha pamoja na hati za nyumba. Kila moja inatumika mara moja tu.

Baada ya hapo unafungua `myaccount.google.com/apppasswords`, unaandika jina, na unapewa herufi kumi na sita ndogo, zimepangwa nne nne. Jina lisiwe "test" wala "python". Liite kwa mashine na kazi, mfano `mapokezi-orodha`, ili siku ya kufuta mtu asiyejua chochote ajue la kufuta. Mashine mbili zikihitaji, tengeneza mawili. Herufi zile unaziona mara hiyo moja. Ukifunga dirisha hazirudi, na hilo lisikutishe, kwa kuwa ukizipoteza unafuta na kutengeneza jingine kwa dakika moja. Ndiyo maana hakuna haja ya kuziandika kwenye daftari, wala kumtumia mtu kwa WhatsApp "kwa ajili ya akiba". Ukurasa wenyewe usipoonekana, aghalabu uthibitishaji wa hatua mbili haujawashwa, au umewashwa kwa funguo za USB peke yake, au akaunti ni ya kazi au ya skuli na msimamizi wake amezuia, au iko kwenye mpango wa ulinzi wa juu wa Google.

Sasa herufi kumi na sita zikae wapi? Zisikae ndani ya skripti, kwa sababu skripti husafiri: inanakiliwa, inatumwa kwa rafiki aitazame, inapandishwa kwenye hazina ya Git. Zisipitishwe kwenye amri, kwa namna ya `soma.py --password ...`, kwa sababu mtumiaji yeyote wa mashine hiyo akiandika `ps aux` anaiona amri nzima na maneno yake yote. Watu wengi wanaziweka kwenye faili la `.env` ndani ya folda ya mradi. Hilo ni afadhali, mradi faili liwe na ruhusa 600 na limetajwa ndani ya `.gitignore` kabla ya kuhifadhi mara ya kwanza. Lakini kwenye mashine yenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ipo njia nzuri zaidi, na inafaa mashine inayojiwasha yenyewe umeme unaporudi.

Njia hiyo ni kumwachia systemd ashike siri na kumkabidhi skripti pale tu inapofanya kazi. Toleo 250 na kuendelea linaweza kuisimba siri kabla ya kuiweka kwenye diski. Debian 12 ina 252, kwa hiyo tulikuwa sawa. Ingia kama root kwanza, halafu:

```sh
mkdir -p /etc/barua
systemd-ask-password -n | systemd-creds encrypt --name=imap - /etc/barua/imap.cred
```

Amri ya kwanza kwenye mstari wa pili inakuuliza siri bila kuionyesha, na kwa kuwa hukuichapa kama sehemu ya amri, haibaki kwenye historia ya terminali. Hili watu hulisahau. Wanahifadhi faili vizuri kabisa kwa ruhusa 600, lakini walilitengeneza kwa `echo`, na nenosiri zima limekaa ndani ya `~/.bash_history` likisubiri. Alama ya `-n` inazuia mstari mpya usiambatane na herufi. Kinachobaki kwenye `/etc/barua/imap.cred` ni maandishi yaliyosimbwa, yasiyosomeka kwenye mashine nyingine.

Huduma yenyewe, inayoamshwa na timer ya systemd kila dakika kumi, inaandikwa hivi:

```ini
[Unit]
ConditionPathExists=!/var/lib/barua/simama

[Service]
Type=oneshot
User=barua
StateDirectory=barua
LoadCredentialEncrypted=imap:/etc/barua/imap.cred
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/barua/soma.py
```

Mtumiaji `barua` ni wa kazi hii tu. Hana haja hata ya kulisoma faili lililosimbwa, kwa sababu anayelifungua ni systemd. Skripti inapoanza, siri inawekwa kwenye folda ya muda iliyo kwenye kumbukumbu ya mashine, si kwenye diski, na anayeweza kuisoma ni mtumiaji huyo na root. Kazi ikiisha folda inaondoka. Mtu wa mapokezi anayetumia kompyuta hiyo hiyo kwa jina lake hana njia ya kuifikia. Ndani ya Python ni mistari michache:

```python
import imaplib, os, pathlib
folda = pathlib.Path(os.environ["CREDENTIALS_DIRECTORY"])
siri = (folda / "imap").read_text().strip().replace(" ", "")
m = imaplib.IMAP4_SSL("imap.gmail.com", 993)
m.login(os.environ["ANWANI"], siri)
m.select("INBOX", readonly=True)
```

Anwani si siri. Iweke kwenye huduma kwa `Environment=`. `replace` imo kwa sababu ukinakili herufi kutoka ukurasa wa Google zinaweza kuja na nafasi katikati. Na `readonly=True` inaifanya skripti ifungue kikasha kwa kusoma tu, isiharibu kitu kwa bahati mbaya wala kuzitia barua alama ya kuwa zimesomwa. Usiihesabu kuwa ni ulinzi dhidi ya mwizi. Hiyo ni adabu ya skripti yako; aliyeiba herufi ataandika skripti yake isiyo na adabu.

Ukiwa na mashine yenye systemd ya zamani kidogo, kama Ubuntu 22.04 yenye toleo 249, usimbaji huo haupo. Unatumia `LoadCredential=` badala ya `LoadCredentialEncrypted=`, na faili linabaki maandishi ya kawaida, mali ya root, ruhusa 600. Skripti haibadiliki hata herufi.

Usimbaji huu nao una kikomo chake, na ni vizuri kukijua. Kompyuta ikiwa na chipu ya TPM2, systemd inaifunga siri kwenye chipu hiyo, kwa hiyo diski ikichomolewa na kupelekwa mashine nyingine siri haifunguki. Amri `systemd-creds has-tpm2` inakwambia kama unayo. Ile ya mapokezi haikuwa nayo. Hapo ufunguo wa kusimbua unakaa kwenye `/var/lib/systemd/credential.secret`, diski hiyo hiyo, na aliyeibeba kompyuta nzima amebeba vyote viwili. Kwa hiyo usimbaji unatulinda faili likinakiliwa peke yake, au chelezo ya `/etc` ikiachwa kwenye flashi. Kompyuta nzima ikiibiwa hautulindi, na ndiyo sababu sikuliacha lile swali la mwanzo: tunabatilisha nini?

Tulilijaribu kabla sijaikabidhi kazi. Nilimwomba mama mwenyewe, si mtu wa mapokezi, achukue simu yake, aingie kwenye akaunti ya maombi, afungue ukurasa wa manenosiri ya programu, na afute `mapokezi-orodha`. Kisha nikaiendesha huduma kwa mkono, ikarudisha mstari huu:

```
[AUTHENTICATIONFAILED] Invalid credentials (Failure)
```

Anwani yake ya kila siku haikuguswa, simu haikumdai kitu, na kisanduku cha maombi kiliendelea kupokea barua. Tukatengeneza jipya, nikairudia amri ya `systemd-creds`, kazi ikaendelea. Hatua zile za kufuta niliziandika kwenye karatasi kwa Kiswahili, nayo ikaingia bahasha ile ile ya namba za akiba.

Ujumbe huo wa kukataliwa unafaa kuujua vizuri, kwa sababu hapa kwetu intaneti hukatika, na skripti ikianguka mtu wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Mtandao ukiwa ndio tatizo, Python inaanguka kwenye mstari wa `IMAP4_SSL`, kabla ya kuingia, na kosa ni la aina ya `OSError`. Muunganisho ukikatika katikati ya mazungumzo unapata `imaplib.IMAP4.abort`. Siri ikikataliwa unapata `imaplib.IMAP4.error` kwenye mstari wa `login`. Kwa kuwa `abort` ni tawi la `error`, ishike ya kwanza kwanza, la sivyo kila kukatika kwa mtandao utakudhania kuwa ni siri mbovu. Makosa ya mtandao skripti iyapuuze, dakika kumi zijazo itajaribu tena. Siri ikikataliwa isijaribu tena kabisa. Skripti inayogonga mlango kwa siri mbovu kila dakika kumi usiku kucha inajitafutia kufungiwa akaunti. Ndiyo kazi ya ule mstari wa `ConditionPathExists`: siri ikikataliwa, skripti inaandika faili tupu `/var/lib/barua/simama`, na systemd haiianzishi tena mpaka mtu alifute faili hilo. Wakati huo huo orodha ya dereva inaandikwa juu yake kwa herufi kubwa kwamba haijasasishwa, ili mtu wa mapokezi arudi kwenye daftari na mgeni asiachwe uwanjani.

Sababu ya kawaida ya siri kukataliwa ghafla si wizi. Ni mtu kubadilisha nenosiri kuu la akaunti hiyo, kwa maana Google inapobadilishiwa nenosiri kuu inafuta manenosiri yote ya programu ya akaunti hiyo. Hapa faida ya kisanduku cha pembeni inaonekana tena: mama anaweza kubadilisha nenosiri la anwani yake kila akitaka, skripti haitajua. Ukiona ujumbe tofauti, `Application-specific password required`, maana yake mtu amechapa nenosiri kuu mahali pa herufi kumi na sita. Uliza nani, na uliza limehifadhiwa wapi sasa.

Sehemu inayovuja kuliko zote sijaitaja bado. Ni pale fundi anapohangaika na hitilafu. Anaweka `imaplib.Debug = 4` ili aone mazungumzo kati ya skripti na seva, na ndani ya mazungumzo hayo umo mstari wa `LOGIN` wenye anwani na siri nzima, wazi. Kwa kuwa systemd inakusanya kila kinachochapwa, mstari huo unakaa kwenye kumbukumbu za `journalctl` kwa muda mrefu. Upande wa kutuma ni hivyo hivyo: `set_debuglevel(1)` ya `smtplib` inaonyesha siri ikiwa katika base64, inaonekana kama takataka za herufi, lakini mtu yeyote anaigeuza kwa amri moja. Kisha fundi anapiga picha ya skrini na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi kuomba msaada. Nimeziona picha hizo. Mwenzetu mmoja kwenye kundi akiiona, jambo la kumwambia fundi huyo si kufuta picha, ni kufuta nenosiri la programu saa hiyo hiyo, picha baadaye.

Git nayo ni vivyo hivyo. Ukiufuta mstari na kuhifadhi upya, mstari wa zamani bado upo kwenye historia, na `git log -p -S'login('` itamwonyesha anayetaka. Kusafisha historia kunachukua muda na nakala zilizokwishachukuliwa huwezi kuzirudisha. Batilisha siri kwanza, usafi utafuata ukipenda.

Sasa tokeni. Kuna anayeuliza kwa nini nisitumie OAuth, njia ya kuipa programu tokeni ya kibali badala ya nenosiri, tangu mwanzo, maana ndiyo njia inayosifiwa. Faida yake kubwa ni ile ambayo nenosiri la programu halina: mipaka ya kweli. Ukitumia API ya Gmail na kuomba ruhusa ya `gmail.readonly`, tokeni hiyo haiwezi kufuta wala kutuma, hata ikishikwa na mwizi. Lakini ukitaka kubaki na IMAP na kutumia tokeni, ruhusa inayokubalika ni `https://mail.google.com/`, ambayo ni kisanduku kizima, kwa hiyo umechukua usumbufu wote bila kupata kile ulichokifuata. Ukienda kwenye tokeni, nenda na API.

Usumbufu wenyewe unaanzia Google Cloud, ambako unasajili mradi na programu. Mara ya kwanza unahitaji kivinjari na mwenye akaunti akubali mwenyewe. Hapo unapata tokeni mbili: moja ya kuingilia, inayoishi kama saa moja, na nyingine ya kuhuishia, inayotumika kuomba ya kwanza upya. Mtego uko kwenye ya pili. Programu yako ikiwa bado iko katika hali ya `Testing`, tokeni ya kuhuishia inakufa baada ya siku 7. Fundi anakabidhi kazi Jumamosi, kila kitu kinakwenda, Jumamosi inayofuata orodha inakwama na kosa linasema `invalid_grant`. Anatengeneza upya, baada ya wiki yale yale. Dawa ni kuibadilisha hali ya programu kuwa `In production`. Kwa matumizi yako binafsi Google itaonyesha onyo kwamba programu haijathibitishwa, na mwenye akaunti analipita akijua anafanya nini. Tokeni isipotumika miezi sita inakufa pia, na nenosiri kuu likibadilishwa, tokeni zenye ruhusa za Gmail zinakwenda nalo. Nyumba zinazofunga wakati wa masika kwa mwezi mmoja miwili haziko kwenye hatari ya miezi sita, ila nyumba iliyo kwenye ukarabati wa muda mrefu ikumbuke.

Na faili la `token.json` linalotengenezwa na mifano ya Google si kitu cha kuachwa wazi kwa sababu tu haliitwi nenosiri. Ndani yake mna tokeni ya kuhuishia pamoja na `client_id` na `client_secret`, vyote vinavyohitajika kuomba tokeni mpya ya kuingilia kutoka mashine yoyote duniani. Linasimbwa kwa `systemd-creds` kama zile herufi kumi na sita. Kulibatilisha, mwenye akaunti anakwenda kwenye orodha ya programu alizoziruhusu na kuiondoa.

Kwa barua za Outlook.com huna chaguo: tangu tarehe 16 Septemba 2024 Microsoft haipokei tena jina na nenosiri kwenye IMAP kwa akaunti za watu binafsi, nenosiri la programu likiwemo, ni tokeni tu. Kwa upande mwingine, wenye anwani ya jina la biashara yao, zile za cPanel, aghalabu hawana nenosiri la programu wala tokeni. Kisanduku kina nenosiri moja na basi. Hapo ninafungua kisanduku cha pili kwenye jina hilo hilo, nenosiri refu la kubahatisha lisilojulikana na mtu, na barua za maombi zinapelekwa humo. Kubatilisha ni kubadilisha nenosiri la kisanduku hicho.

Kwa mama wa vyumba tisa niliamua tubaki na nenosiri la programu. Kisanduku chenyewe hakina kitu zaidi ya maombi, na siku nikiwa Pemba na orodha imekwama, naweza kumwelekeza mjukuu wake kwa simu hatua kwa hatua. OAuth sikuweza kujihakikishia hivyo. Amenieleza kwamba mwakani anataka skripti iwajibu wageni yenyewe. Tukifika huko nitatengeneza tokeni mbili, moja yenye `gmail.readonly` badala ya nenosiri la programu na nyingine yenye `gmail.send` tu, kila moja kwenye huduma yake na mtumiaji wake wa mashine, ili inayosoma isiweze kutuma na inayotuma isiweze kusoma.